Nyumba ya Watu Watatu: Wafula, hii uione kabla ya Jumamosi

Jumatano. Ruiru kuna ile baridi ya manyunyu, hata kuku wangu wamekataa kutoka.

Watu wote wa mtaa wangu huku Gitothua wanasimulia hii sinema vibaya. Wote. Kinyozi ameniambia ni ya majini. Mama wa mboga anasema kuna maiti inapika. Uongo mtupu! Hakuna jini, hakuna maiti. Mimi ndiye naijua, nimeiona mara mbili, na mnajua mimi sinema huwa naiona mpaka mwenye kuitengeneza ananiogopa.

Shule sikuenda sana, simu ndiyo inaniandikia nikiongea. Lakini macho ninayo.

Jana nilimpigia Wafula, rafiki yangu wa mtaa wa Landless kule Thika. Tulifanya kazi kiwanda kimoja miaka mingi. Nikamwambia aione.

"Kamau, hiyo ya mtu kuchambua maharagwe dakika kumi?" akanicheka. "Si nikae tu jikoni kwangu nione hiyo bure?"

"Wewe sinema isipokuwa na ngumi unakoroma."

"Nakoroma kwa sababu ni usingizi unauzwa, bwana."

Basi, Wafula, najua huku unasoma, ingawa unasema husomi. Sikiza.

Ni kweli iko polepole. Sikufichi. Baba mmoja na wasichana wake wawili, mama amekufa. Wanapika, wanakula, wanaosha vyombo. Muziki hakuna hata kidogo. Unasikia friji inanguruma, mvua kwa mabati, kijiko kwa kikombe. Msichana mdogo analia mara nyingi kuliko inavyofaa, na kuna mahali giza imezidi mpaka nikapangusa TV na shati. Hayo ni makosa, nimeyasema.

Lakini angalia kamera.

Kamera haitembei. Kila jioni iko palepale kwa kona ya jikoni, chini, kama macho ya mtu ameketi. Mara ya kwanza nilidhani ni uvivu wa mpiga picha. Halafu nikaona hakuna mtu anapita mbele yake karibu. Wasichana wanazunguka meza yote, na njia fupi iko. Sahani zinapita juu kidogo, pole, kama unapitisha juu ya kichwa cha mtu.

Nikaanza kusikia baridi kwa shingo, na mlango nilikuwa nimefunga.

Halafu katikati hivi, baba anakuja na vikombe viwili vya chai. Anakuja moja kwa moja kwa kamera. Anasimama. Anaangalia ndani kabisa, ananiangalia mimi, Kamau, na anasema polepole, "Songa kidogo."

Wafula, nilisonga.

Naapa nilisonga kwa kiti changu. Mzee mzima, peke yangu, saa nane mchana. Yule baba akaketi karibu, ukaona bega lake tu, ukasikia anapumua. Ndiyo nikajua tangu mwanzo nilikuwa nimekaliwa... hapana, mimi ndiye nilikuwa nimekalia kiti cha yule mama. Naangalia watu wake na macho yake. Wao wanajua yuko hapo, na hakuna mmoja anaweza kusema.

Kile kitu kinafanyika na hicho kiti mwishoni, sisemi. Ukiambiwa imeharibika.

Sasa nikwambie kwa nini nakusumbua.

Siku moja nilikuja kwako nikaketi kwa kile kiti cha Nasimiyu, marehemu mke wako, kando ya dirisha. Ukaniambia bila kunitazama, "Hapo ni pa mwenyewe." Nikahama, nikatoa mzaha. Na Nekesa, msichana wako, si alifukuzwa na hicho kiti? Alitaka tu kukitoa kwa dirisha akafagie. Mkapigiana kelele, akahamia Mugutha. Miaka minne, hamjaongea.

Amenipigia Jumatatu. Anakuja kwako Jumamosi. Amesema, "Baba asipofungua, mzee, sitarudi tena." Hakuna kelele kwa sauti yake. Hiyo ndiyo iliniogopesha kuliko sinema.

Kama wewe ni mtu wa kutaka magari yaruke, hii si yako. Lakini wewe unaishi ndani yake, ndugu yangu. Weka simu mbali, zima redio, vumilia ile ya maharagwe. Nilikwambia jana kwa simu ni sinema ya saa moja na nusu tu, ukasema afadhali.

Leo nimejaribu kufikiria Jumamosi itakuwaje, nikashindwa. Mimi, nisiyeshindwa na hadithi.

Haya, kitu kimoja nilitunga. Si saa moja na nusu. Inakaribia masaa matatu.

Anza leo.