Barua ya Kocha Obuya Kuacha Timu

Obuya,

Uji uko kwa thamosi. Dawa nimemeza, usiniulize. Nimeenda kanisani Kangemi na Rael.

Asubuhi nikipanguza meza nimeona barua yako kwa mwenyekiti wa klabu. Unaacha ukocha mwisho wa mwezi. Umeshukuru wachezaji, umeshukuru wazazi kwa yale machungwa ya hafutaimu, na msaidizi wako atabaki na mazoezi na funguo za stoo ya mipira. Yote “ili nimtunze mama yangu.”

~~Usiipeleke.~~ Ipeleke.

Lakini mimi uliniambia daktari amesema ni uchovu tu. Tangu lini ukaacha watoto wa Riruta katikati ya ligi kwa sababu mama amechoka?

Nikirudi uniambie alichosema. Chote.

Mama