Mayai ya Tarehe Ishirini na Saba

Jumapili, 6 Julai 2025

Mama Blandina ameleta mayai sitini moja kwa moja kutoka ibadani, trei mkononi na Biblia kwapani. Aroni hakubadilisha hata shati la kanisani. Kila yai akaliandika B kwa penseli, akayapanga ncha chini, akafunga mlango wa mashine ya kutotolesha vifaranga.

"Mke wangu, andika."

Daftari ni langu. Karani ofisini, karani nyumbani. Nikaandika: yameingia tarehe 6. Siku ishirini na moja. Yatatotoa tarehe 27.

Hapo mkono ukasimama. Tarehe 27 ni ubatizo wa mtoto wa dada Tekla, nyumbani kwetu Mgololo. Wasimamizi ni mimi na Aroni. Dada alinipigia wiki mbili zilizopita na Aroni sijamwambia! Nilikuwa nasubiri siku nzuri. Leo mayai yalikuwa bado kwenye trei, nimesimama pale pale, na sikusema. Nimeandika tu. Kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 9 Julai

Naogopa nini hasa? Hajawahi kunipandishia sauti. Naogopa aseme, "Nenda tu wewe," kwa upole, kama alivyosema Pasaka na kama alivyosema kwenye msiba wa baba mdogo. Nikienda peke yangu mama ananipokea begi, ananisalimu huku anachungulia nyuma yangu. "Kamwene mwanangu. Mumeo yupo, au ulituonyesha picha tu?" Wote wanacheka. Na mimi nacheka.

Aroni ni fundi umeme. Mashine aliiunda mwenyewe: mbao, feni, balbu, mota ya kugeuza mayai kila saa. Akitoka kazini anaingia chumba cha pili, anasoma kipimajoto, thelathini na saba na nusu, anajaza maji sahani ya unyevu. Napenda kumwona hivyo, kwa kweli. Ila mayai ya watu yanaingia siku yoyote yanapoletwa. Kwa hiyo yanatotoa siku yoyote. Daftari halina hata siku mbili mfululizo zilizo tupu.

Dada amepiga. "Umemwambia shemeji?" Nikasema ndiyo. Nimedanganya! Dada yangu mwenyewe!

Jumapili, 13 Julai

Siku ya saba, kupima mayai ya B. Tumeziba dirisha kwa blanketi mchana kweupe. Yeye anashika yai, mimi namulika tochi chini yake. Yai zima linawaka jekundu, mishipa imetawanyika kama mizizi, na katikati kidoa kinachezacheza. Tisa hayakuwa na kitu, tumeyatoa. Hamsini na moja yako hai. Aroni ananong'ona mle ndani kama yuko hospitali.

Nikajisemea: sasa. Gizani ni rahisi. Nikafungua mdomo — hodi mlangoni! Eliezeri wa ng'ambo ya barabara, mayai thelathini. Dakika kumi baadaye yako ndani. Nikaandika: yatatotoa tarehe 3 Agosti. Jumapili nyingine imekwenda.

Jumatatu, 14 Julai

Jambo dogo la ofisini, lakini sijaacha kuliwaza tangu asubuhi.

Kijana wa idara nyingine kaleta barua dirishani kwetu masjala, anataka iingizwe papo hapo. Mzee Sosthenes, mkuu wangu, hakuinua hata macho. "Kupokea, napokea saa zote, mwanangu. Kuingiza ni saa nne na saa nane. Ningeingiza kila inapofika ningekunywa chai lini?"

Mihuri ikabaki mkononi mwangu. Maana Aroni mwenyewe huwaambia wateja: yai la kutotolesha linakaa siku saba bila kuharibika, mahali pa baridi. Na Iringa hii ya Julai, baridi si ya kutafuta. Basi nani alisema lazima yaingie siku ile ile?

Jumanne, 15 Julai

Nimesema.

Sikuanza kwa maneno. Nilichora mistari ya wiki nane kwenye daftari, nikaliweka mbele ya sahani yake ya ugali. Mayai yapokelewe siku zote, yakae kabatini kwenye ubaridi. Yaingie Ijumaa tu, jioni. Ya Ijumaa hupimwa Ijumaa, siku ya saba na siku ya kumi na nne. Yanahamia boksi la kutotolea Jumanne, siku ya kumi na nane. Yanatotoa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hakuna chochote. Kila wiki!

Akasoma. Akaisogeza sahani pembeni, ugali hajaugusa. Nikaona nimeharibu. Nikamalizia yote kwa pumzi moja: ubatizo, tarehe 27, uongo niliomwambia dada.

"Siku ile Mama Blandina analeta, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mayai yakiwa bado kwenye trei?"

"Ndiyo."

"Yusta. Ningemwambia arudi nayo Jumatatu. Basi." Halafu, taratibu: "Unaniogopa?"

Nikasema naogopa neno "nenda tu wewe". Akashangaa kweli kweli. Kumbe alidhani nakimbia harufu ya vifaranga! Kwamba Mgololo ndiko napumzikia, na yeye ananiachia nafasi. Mwaka mzima kila mtu anamwachia mwenzake nafasi! Tumecheka mpaka nikalia kidogo.

Amekubali Ijumaa. Ameomba kitu kimoja, saa yake ya jioni na mashine, asiitwe. Ni haki yake. Nimeiandika pia.

Ya tarehe 27 hayabadiliki lakini. Yai halirudishwi nyuma.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya kumi na nane. Ya B tumeyahamishia boksi la kutotolea. Sasa hayageuzwi, na mfuniko haufunguliwi, hata kifaranga alie vipi. Ukifungua, unyevu unatoka, utando unakauka, anakwama humo humo.

Mama Blandina amekubali kuyalinda mwenyewe Jumamosi na Jumapili. Aroni kamfundisha mara tatu. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto pembeni na blanketi juu.

"Kuku wangu alikuwa analalia bila mafunzo," anasema Mama Blandina. "Huyu wa kwenu ana masharti kama mganga!"

"Usifungue tu, mama."

"Nimesikia, baba. Akilia namwimbia."

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi, begi liko mlangoni, umeme ukakatika. Nilijua tu! Aroni kasimama katikati ya sebule, viatu vimefungwa. Nikangoja lile neno.

Mama Blandina akatupita na birika la maji ya moto. "Nyie bado mpo? Basi litawaacha."

Aroni akachukua begi.

Mgololo tumefika jioni. Mama akachungulia nyuma yangu kama kawaida yake, akaacha mdomo wazi. "Kamwene mkwe! Kumbe unatembea!" Aroni amekula sahani tatu. Simu ameitazama mara nyingi, nimehesabu, halafu nikaacha kuhesabu.

Jumapili, 27 Julai

Naandika kanisani, benchi la mbele, nyuma ya karatasi ya matangazo. Ibada haijaanza. Aroni kanipa simu yake mlangoni, kwa hiari yake. "Kaa nayo wewe."

Sasa hivi imetetemeka ndani ya mkoba. Mama Blandina. Ikakata. Imetetemeka tena. Inaweza kuwa hamsini na mmoja wametoka. Inaweza kuwa kafungua mfuniko.

Nimemgusa Aroni bega, nikamwonyesha. Mtoto yuko mikononi mwake, kashikwa kama yai, ncha chini. Amesoma jina. Akaweka sawa kofia ya mtoto.

"Yanatotoa au hayatotoi," akanong'ona. "Mchungaji anaingia, mke wangu. Simama."

Inatetemeka mara ya tatu. Nafunga daftari, nasimama.