Mguu Haushonwi kama Suruali

4 Februari

Kaka,

“Kichwa cha mtu wa miaka arobaini na tisa ni karatasi iliyokwisha chapwa. Hakuna pa kuandika tena.” Umethubutu kuniandikia hayo wewe, mpiga chapa, unayechapa karatasi pande zote mbili kila siku! Nitakujibu. Ila kwanza: kifua kimetulia? Wifi na mgongo wake? Mimi ni mzima, nawakumbuka tu.

Sasa sikiliza. Ni kweli, darasa zima la kutengeneza miguu ya bandia lina vijana, na wananiita Mama. Ni kweli, majina ya mifupa wao wanayameza mara moja, mimi yananiponyoka kama sabuni. Basi nimeacha kushindana kumeza. Nimechora mifupa kwa chaki kwenye mguu wangu, kama nilivyokuwa nikichora vitambaa, na kila nikikaa naigusa nikiitaja. Inachelewa kuingia, lakini ikiingia haitoki. Karatasi gani hiyo iliyojaa?

Cherehani yangu usiiuze. Sisemi nitarudi. Nasema usiiuze.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu mkorofi,

Barua yako nimemsomea wifi yako, akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha upo. Kifua hakijambo.

Lakini mimi sicheki. Una jina. Miaka ishirini na sita watu wanakuja na vitambaa kwako, leo unaanza tena kuitwa “wewe wa nyuma” darasani? Ukishindwa ukiwa kijana, watu husema atajaribu tena. Ukishindwa kwa umri wetu watasemaje? Rudi kabla hawajapata la kusema.

Cherehani ipo, nimeifunika shuka.

Kaka yako

15 Mei

Kaka,

Natumaini mko salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio umelala.

Nimeharibu. Nilipewa mteja wangu wa kwanza, mpagazi wa sokoni aliyekatwa chini ya goti. Unafunga kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, kwa plasta, unapata umbo lake, halafu unalirekebisha kabla ya kutengeneza kikombe cha kukipokea. Mikono yangu ikafanya inachokijua: ikaacha nafasi pande zote, kama kiuno cha suruali, mtu apumue. Alipokanyaga, kigutu kikazama ndani, mfupa ukagonga chini, ngozi ikachubuka. Hakulia. Aliniambia pole, yeye aliyeumia kunipa pole mimi!

Vijana hawakukosea hivyo, kwa sababu hawana mazoea ya zamani yanayowabidi kuyaacha. Ulichosema kuhusu kilichokwisha chapwa, pengine ndicho hiki. Andaa cherehani. Nakuja mwisho wa mwezi.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole sana. Kula vizuri.

Cherehani huipati. Wifi yako aliifunua shuka mwezi wa tatu. Ana miaka arobaini na sita, ameshona foronya tatu, moja haiingii mto, na hataki kusikia la mtu. Ukija utakuta kiti kina mwenyewe.

Nikueleze na ya kwetu. Kiwandani wameleta mashine za kompyuta na mwalimu wa kutufundisha. Sisi wanne wa zamani tumekaa nje tunakunywa chai, tunasema hatuna haja. Nilikuwa nawasomea barua zako. Hii ya mwisho nimeshindwa kuwasomea; ingetupa sababu ya kubaki nje.

Usirudi.

Kaka yako

30 Juni

Kaka,

Mnaendeleaje? Mwambie wifi foronya aipime na mto ukiwa umejaa.

Sikurudi. Nilimwomba mwalimu nianze upya na mpagazi yuleyule. Safari hii nilichonga lile umbo la plasta chini ya goti, ambako nyama inavumilia kubanwa, nikaongeza plasta penye ncha za mfupa, ili kikombe kibane pale na kisiguse hapa. Kila mkono ulipotaka kuacha nafasi pote, niliusimamisha. Alipouvaa mguu akasema, “Sawa tu, Mama.”

Hiyo “sawa tu” nimeisikia miaka ishirini na sita, kwa kila mteja anayeogopa kumuudhi fundi! Nikamwambia anionyeshe anavyogeuka na mzigo. Alipogeuka akabana pumzi, bega likapanda. Tukavua: wekundu upande wa nje, penye kichwa cha mfupa mdogo. Tukapanua hapo tu. Akageuka tena, huku anamsimulia mwalimu ugomvi wa sokoni, mguu ameusahau. Cherehani ndiyo iliyonikosesha, Kaka, na ndiyo iliyonifundisha kutoamini “sawa tu”.

Sasa hii uwasomee kwa sauti. Wewe, na ninyi watatu hapo nje: hamna haja, au mnaogopa kijana aone mikono yenu ikitetemeka? Acheni itetemeke. Macho yenu yanaona herufi iliyopinda kabla mashine haijaijua. Wekeni chai chini. Ingieni, mkae viti vya mbele, mkosee mbele za watu. Leo, kabla hamjakunja barua hii.

Mdogo wako