Nguzo ya Nyuma

Jumatatu, 2 Machi

Mdogo wangu kaondoka leo asubuhi, maji yalipojaa. Anasindikiza vyombo saba vya biashara kwa jahazi lake la vita. La vita! Lilikuwa na mizinga minane, limeondoka na minne. Minne mingine imelazwa ghalani, kwa sababu baraza la wafanyabiashara linataka nafasi ya mizigo. Mzee Mizani, mkuu wa baraza (jina tumempa sisi, maana hawezi kukusalimu bila kukupima), alisema gatini kwamba bendera yetu peke yake inatosha kumtisha mtu. Haya. Mwizi akija kwake usiku ampungie bendera.

Niliwatoa mwenyewe, chombo kimoja kimoja. Miaka ishirini na miwili ya urubani na bado mlango huu wa bandari unanitoa jasho. Upana wake majahazi mawili, miamba kulia, miamba kushoto, na mvua zikinyesha maji ni tope tupu, huoni kitu. Bila zile nguzo mbili nyeupe hakuna anayepita. Ya mbele iko kwenye jiwe chini ya ngome, ya nyuma iko kilimani. Ukiziona zimesimama mstari mmoja, uko kwenye kina. Zikiachana hata kidogo, uko mwambani.

Mdogo wangu alikuwa usukanini, kazitazama nguzo tu, shingo imekakamaa. Nilimfundisha kwa makofi. Usiyaamini macho, usimwamini mtu, amini nguzo. Leo hakuhitaji neno. Nilijivuna, nakiri.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Nimepeleka chokaa kilimani, nimeipaka nguzo ya nyuma upya.

Nikapitia ngomeni. Mkuu wa mizinga, tunamwita Kidole kwa sababu mkono wa kulia umebaki na kimoja na gumba, alikuwa anagaragaza mapipa ya baruti. Yasipogeuzwa kila wiki, baruti inashika unyevu na kuganda chini. Kafungua pipa moja mbele yangu. Donge! Anasema aliomba ghala la baruti liezekwe upya tangu mwaka juzi, akajibiwa avumilie. Kati ya mizinga kumi na sita ya ukuta wa bahari anaiamini tisa. Na hiyo tisa inafika mlangoni tu. Nje ya miamba, adui anaweza kukaa akala na kulala, haimfiki.

Kwa hiyo ulinzi wetu ni nini? Ukuta wenye baruti mbichi, jahazi lenye nusu ya mizinga, na mawe ya Mungu. Mawe ndiyo hayajawahi kuomba posho.

Ijumaa, 6 Machi

Habari mbaya. Mtumbwi wa doria umerudi mbio. Mji wa ng'ambo umetoa merikebu tatu kubwa, mizinga ishirini kila moja. Hawataki tena hati zetu za njia.

Siwalaumu sana, naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunishitaki. Hati ya njia ni nini? Chombo chochote kinachopita bahari hii kinunue karatasi kwetu. Kikiwa nayo tunakilinda. Kikiwa hakina, majahazi yetu yanakikamata. Tumeuza ulinzi dhidi yetu wenyewe miaka yote hii, sasa mnunuzi kachoka.

Mtumbwi unasema wanaye rubani aliyewahi kufanya kazi hapa. Namjua. Nilimfukuza mimi kwa ulevi. Anazijua nguzo.

Mdogo wangu hajaonekana.

Jumapili, 8 Machi

Baraza limekaa tangu asubuhi. Nikaitwa. Kelele tupu! Huyu anataka tufunge bandari kwa magogo na minyororo, yule anauliza nani atalipia magogo. Kamanda wa ngome amekaa pembeni kama mgeni. Mzee Mizani ananiuliza, rubani, wewe huna la kusema?

Ninalo.

Nikasema, msifunge mlango. Uacheni wazi. Hamisheni nguzo ya nyuma hatua arobaini kusini. Rubani wao atazipanga mstari kama nilivyomfundisha, na mstari utampeleka juu ya mwamba, palepale mizinga ya Kidole inapofika. Merikebu iliyokwama haina ujanja.

Wakapiga meza. Mzee Mizani kanishika bega, kaniita mwanangu. Miaka ishirini na miwili hajawahi kuniita hata jina langu. Na mimi mpumbavu nikatabasamu.

Jumatatu, 9 Machi

Tumehamisha. Watu kumi na wawili, kamba, shimo jipya, mawe ya kushindilia. Nilishuka na mtumbwi kuhakikisha. Mstari mzuri kabisa! Unakwenda moja kwa moja kwenye meno ya mwamba. Chokaa inang'aa.

Nikamwambia Mzee Mizani, sasa toa mtumbwi uende kaskazini ukamwonye mdogo wangu asiingie. Akasema bila shaka. Leo leo.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, kanipakulia chakula mara mbili. Anasema mjini kote wanasifu akili zangu. Mama naye anacheka na majirani. Nimekula vizuri.

Jumatano, 11 Machi

Mtumbwi haukwenda!

Nimeukuta umefungwa gatini, makasia ndani. Wapiga kasia wanasema waliambiwa wahamishe marobota ya baraza kutoka ghala la pwani kwenda ndani ya ukuta kwanza. Kwanza! Siku mbili wanabeba marobota. Nimemfuata Mzee Mizani hadi barazani kwake. Anasema haraka haraka haina baraka, na kwamba mdogo wangu ni nahodha mzima, atajua la kufanya.

Atajua. Atajua nilichomfundisha.

Nikataka kwenda mwenyewe. Lango la ukuta la kushukia gatini limekwisha pigiwa misumari, amri ya kamanda, hakuna chombo kutoka.

Nikaomba basi tupandishe bendera nyekundu ngomeni, ile ya kusema mlango umefungwa. Hapana. Rubani wao anazijua bendera zetu pia, atashtuka.

Sikumwambia shemeji. Aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Alhamisi, 12 Machi, asubuhi

Wameonekana. Jahazi la mdogo wangu, peke yake. Vyombo saba havipo. Tanga limetoboka, mlingoti umefungwa kwa kamba. Nyuma yake merikebu tatu, labda mwendo wa saa tatu. Upepo ni mdogo.

Ametia nanga nje ya miamba. Maji yametoka, hakuna chombo kinachoweza kuingia kabla ya alasiri. Anasubiri maji, kama rubani yeyote mwenye akili.

Jahazi limezama chini mno. Nimelitazama kwa darubini ya Kidole. Maji yanagusa karibu ubao wa juu. Bado amebeba mali ya baraza! Hajatupa hata robota moja. Kiapo chake cha unahodha.

Saa sita

Nimetoka kwa kamanda. Mzee Mizani alikuwepo. Nikawaeleza taratibu, kama kwa watoto. Tukiiangusha nguzo ya nyuma, mdogo wangu hataona mstari. Atajua mlango ni mbaya. Atatupa mizigo, jahazi litakuwa jepesi, atakata kaskazini kwenye maji mafupi nyuma ya miamba hadi kwenye mikoko. Merikebu haziwezi kumfuata huko, zinahitaji kina mara mbili ya chake.

Kamanda akauliza, na wao?

Na wao watajua nguzo ilikuwa mtego. Watateremsha mashua, watapima kina kwa kamba yenye uzito wa risasi, hatua kwa hatua. Kesho au keshokutwa wataupata mlango wa kweli. Sikuweza kudanganya, ni kazi yangu.

Kisha mizinga sitini dhidi ya tisa ya Kidole.

Mzee Mizani akasema jahazi ni chombo chepesi, huenda likapita juu ya mwamba salama, na merikebu zikimfuata kwa kasi zitakwama. Mdogo wangu atakuwa shujaa. Huenda! Nikamwambia limejaa mali yenu mpaka shingoni, halipiti popote. Akatazama pembeni. Alikwisha pima.

Akaniuliza mji huu una watu wangapi. Ati mimi nimjibu. Mama yumo humu. Shemeji yumo, na watoto wake wanne. Namchukia kwa sababu swali lake ni la haki.

Saa nane

Niko kilimani, nimeegemea nguzo. Kidole amekuja na askari wawili, amri ya kamanda, waniangalie. Nina shoka la kukatia kamba. Hajaninyang'anya. Kamba nne zinaishikilia nguzo, kila moja mapigo mawili.

Maji yanapanda. Kati ya mawe matatu ya mlangoni tunayopimia maji, la kwanza limefunikwa. Likifunikwa la tatu, atang'oa nanga.

Merikebu ya kwanza iko karibu sana sasa. Imefyatua, risasi imeanguka nyuma ya jahazi. Mdogo wangu kajibu kwa mzinga mmoja wa tezi, ule wa nyuma ya jahazi. Ile minne ya ghalani ingemfaa leo.

Chini, ukutani, watu wamejaa. Shemeji yuko pale, namjua kwa kitambaa cha njano. Kambeba mtoto wao wa mwisho mabegani aone baba anavyorudi. Wanashangilia! Hakuna aliyewaambia. Mimi sikuwaambia.

Saa tisa

Jiwe la pili.

Kidole kasema kitu. Kasema aliwahi kumpoteza mtoto kwenye ukuta huu, na mji ulisimama, na watu walinunua na kuuza kesho yake, na hakuna aliyekumbuka. Hakusema nifanye nini. Kisha akawaambia askari wake twendeni, mzinga wa kona una kasoro.

Nilidhani anawahamisha kidogo tu. Wameshuka wote.

Nimesimama, nimekaa. Nimehesabu kamba. Nikikata ya upande wa bahari na ya kulia, itaanguka yenyewe, hakuna haja ya zote nne. Dakika moja. Hata dakika haifiki.

Saa tisa na nusu

Jiwe la tatu limefunikwa.

Anang'oa nanga. Namwona usukanini, shingo imekakamaa, anatazama huku. Ananitazama mimi, yaani nguzo. Hajui kuna mtu hapa. Tanga linajaa. Merikebu ya kwanza imegeuza pua, inamfuata, rubani wao naye kazipanga nguzo mstari mmoja, vizuri, kama nilivyomfundisha.

Nimetazama njia yote hadi ngomeni. Kidole yuko kwenye mzinga wake, kanipa mgongo. Hakuna askari. Hakuna mtu yeyote wa kunizuia tangu waliposhuka, karibu nusu saa sasa.

Shoka liko magotini. Bado naandika.