Ushuhuda wa Ogweno

Mama Faith, keti kwanza. Nimetoka kliniki sasa hivi na shemeji yangu Ogweno, dereva teksi wetu wa Nyegezi. Aibu!

Unakumbuka kipimo cha kwanza? Lehemu mbaya kwenye damu, hiyo kolesteroli, 5.1, na inatakiwa isifike hata 3. Akacheka, "Mimi mwembamba hivi, wala siumwi popote!"

Vidonge alivyopewa akameza. Supu ya kongoro akaiacha shingo upande: kwanza Jumatatu tu, mwezi uliofuata na Jumatano, hatimaye wiki nzima. Sato wa kukaanga akawa wa kuchemsha. Jioni mheshimiwa akaegesha teksi, akatembea kwa miguu yake!

Baada ya miezi mitatu, 2.6. Mtakatifu wetu akasimama kanisani, akashuhudia amepona. Vigelegele! Na vidonge akaacha, kama aliyemaliza dozi ya malaria.

Leo 4.5. Narudia, 4.5!

"Lakini daktari, kongoro sigusi!"

"Ndiyo maana hujarudi 5.1. Lehemu nyingi inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Kidonge kinalipunguza kasi ukikimeza kila siku, siyo ukikiacha."

Ati akanigeukia, "Shemeji, waumini nitawaambia nini?"

"Waambie Mungu alikupa kidonge, ukamrudishia."

Akacheka. Mimi sikucheka, Mama Faith. Nikamwambia, "Kaka yako naye hakuumwa popote, mpaka asubuhi ile moyo uliposimama nikiwa namwekea chai."

Kufika dirisha la dawa akaomba maji, akameza kidonge palepale, mbele ya foleni nzima.