Aliyekubali Kuswalisha

Dameski, Bab Sharki
Mwezi 9 Shawwal

Kaka Nawwar,

Amani na rehema za Mwenyezi Mungu zikufikie huko Homsi, wewe na wifi yangu Sidra. Kikohozi cha mtoto kimepoa? Sisi tu wazima, na Mama leo yu mzima kweli, ila wiki iliyopita nisingeweza kuandika hivyo.

Unamkumbuka Ghiyath, mtia rangi vitambaa? Amejiita Isa bin Maryam. Alionekana chini ya mnara mweupe amevaa nguo mbili za rangi ya zafarani, kichwa kikimdondoka maji, zile zile alama za kushuka kwa Isa, na wenye akili zao wakambusu mkono. Mama akaacha sindano za sukari, akasema Masihi anaponya. Nilimwambia Isa hateremki kabla ya Dajali, na Dajali ni mtu, jicho lake la kulia bovu, anazunguka dunia siku arubaini asiingie Makka wala Madina, mpaka Isa amuue kwenye lango la mji wa Ludi. Akanijibu kwamba Ghiyath amesema Dajali ndiyo simu yangu, na kwamba elimu imenikausha moyo. Siku ya tatu alianguka jikoni. Alipozinduka bado aliisukuma sindano mbali.

Nilikwenda kwa Sheikh Munzir nikatukana watu wote wa mtaa. Akasema nitulie, nimlete Mama swala ya alfajiri. Swala ilipokimiwa ili ianze, Sheikh akarudi nyuma, akamkaribisha Ghiyath mbele. Naye akaenda, kaka, tena kwa furaha. Sheikh akamshika bega, akamwambia, Rudi safuni, mwanangu, maana Isa wa kweli atakapokaribishwa atakataa, atasema swala imekimiwa kwa ajili ya imamu wenu, kisha ataswali nyuma yake. Bibi mmoja karibu nasi akauliza kama zile nguo zinachuja rangi zikifuliwa. Mama hakucheka. Njiani aliniuliza sindano nimeiweka wapi.

Sasa hili, ambalo Mama halijui. Alama zote Ghiyath alizipata kwangu. Mwezi wa Shaabani alikuja kwa adabu, akaniita ustadha, nami kwa kiburi nikamwandikia mnara, zafarani, matone ya maji. Habari ya swala sikuiandika kwa kuwa karatasi iliisha na chai ilikuwa inapoa. Na siku ya kwanza nilipomwona pale mnarani, mwandiko wangu ulikuwa umesimama mbele yangu. Nilimwamini kwa muda wa pumzi tatu. Mtume ametuonya tumsikiapo Dajali tujitenge naye, kwani mtu atamwendea akijiona muumini, kisha amfuate. Nilikuwa nikiwasomea wenzangu hadithi hiyo nikiwafikiria watu wengine.

Nitamwambia Mama Ijumaa hii, baada ya sindano yake ya asubuhi. Niombee ulimi usinirudi nyuma.

Mbusu mtoto, na Mungu awalinde na kila mwongo, hata aliyemo nyumbani.

Dada yako,
Lujain