Mwenye Nyumba Yuko Juu

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Huku Mpwapwa mama yako mzima, na mbuzi mwekundu kazaa mapacha. Mimi nasema, mdogo wako Tumaini anaandika kwenye simu.

Kanisomea maneno unayotaka kuweka chini ya picha yako ya kutimiza miaka arobaini: "Sina mume wala mtoto, lakini nashukuru." Unauliza kama yanafaa, maana ukoo mzima utayasoma. Picha nimeiona. Umesimama mbele ya nyumba uliyoijenga mwenyewe hapo Hombolo, chumba baada ya chumba, na zabibu zako zimeiva. Mbona unaanza na visivyokuwepo?

Babu yenu alipofariki nilikataa kurithiwa na shemeji, nikajenga nyumba yangu mwenyewe, tembe la paa bapa. Siku moja niko juu ya paa nasawazisha udongo, akapita mnunuzi wa mahindi kutoka Kibaigwa.

"Mama, mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko juu hapa, anakutazama!"

Alicheka mpaka akavua kofia. Siku hiyo nilijiona mrefu.

Andika upendavyo, picha ni yako.

Bibi yako.

Dada, ni mimi Tumaini. Uliomba nikutafsirie yale maneno kwa Kiingereza. Nilijaribu, yakazidi kuwa ya huzuni, nikafuta. Weka tu: "Arobaini. Mwenye nyumba ndiye huyu." Huwa naona aibu kuandika chini ya picha zako, naishia kubonyeza alama ya moyo tu. Safari hii nitakuwa wa kwanza kuandika chini yake: "Nami nataka kuishi hivi." Shangazi wasome.